C yako si C yangu: majibu mawili ya intigrali moja

Ugomvi ulianza kwa swali dogo. Niliandika ubaoni ∫ 2 sin x cos x dx, nikatoka nje kupokea simu. Niliporudi nikawakuta wanafunzi wangu wawili wa PCM wamesimama, mmoja kashika chaki, mwingine kashika kitabu kilichofunuliwa kwenye kurasa za majibu. Nafundisha tuisheni ya jioni hapa Sinza, Dar es Salaam, kidato cha tano na cha sita, na ugomvi huu nausikia kila mwaka. Safari hii uligusa pabaya, kwa sababu binti anayekaa dirishani alikuwa ameshafuta jibu lake. Kitabu kilikuwa na jibu jingine, basi akaamini amekosea.

Hakuwa amekosea. Alichofanya ni hiki: alisema u ni sin x, hivyo du ni cos x dx, na swali zima likageuka kuwa ∫ 2u du. Hiyo ni u², yaani sin²x + C.

Kijana wa mlangoni alipita njia nyingine. Aliona 2 sin x cos x akakumbuka kwamba hiyo ndiyo sin 2x. Kuintigreti sin 2x ni kazi ya mstari mmoja: −½ cos 2x + C. Na ndilo lililokuwa kitabuni.

"Ticha, sasa ipi ni sahihi?" Niliwaambia wadifrenshieti yote mawili. Sin²x inatoa 2 sin x cos x. −½ cos 2x inatoa sin 2x, ambayo ni kitu kilekile. Jibu la intigrali halina hakimu mwingine zaidi ya huyo: ukilidifrenshieti likarudi kwenye swali, limepita, hata kama halifanani na la kitabu kwa herufi moja.

Lakini hawakuridhika, na walikuwa na haki. Binti akaniuliza: "Nikiweka x sifuri, langu linatoa 0, lake linatoa −½. Namba mbili tofauti zinakuwaje jibu moja?"

Hapo nikaacha hesabu, nikatoa simu mfukoni. Ilikuwa imeandika 7:15. Nikauliza, saa ngapi? Darasa zima: saa moja na robo. Hakuna aliyesema simu yangu imeharibika.

Sisi tunaishi na saa mbili, na tunazijua zote mbili tangu utotoni. Moja inaanza kuhesabu usiku wa manane, nyingine inaanza kuhesabu jua linapochomoza au kuzama. Zinatofautiana kwa 6. Zinakwenda kwa mwendo uleule: dakika ikipita kwenye moja, imepita na kwenye nyingine. Kilichotofautiana ni mahali ilipowekwa sifuri. Difrensiesheni inauliza kuhusu mwendo peke yake, saa inakimbia kwa kasi gani, na haijui wala haijali sifuri iliwekwa wapi. Kwa hiyo ukirudi kinyumenyume, kutoka kwenye mwendo kwenda kwenye saa, hakuna kinachokuambia uanzie wapi. Herufi C ndiyo nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili ya uamuzi huo.

Kwa majibu yetu mawili, pengo si 6 bali ni ½, na linaonekana kwenye fomula ambayo kila mtoto wa kidato cha tano ameikariri: cos 2x = 1 − 2 sin²x. Zidisha pande zote kwa −½ upate −½ cos 2x = sin²x − ½. Basi. Jibu la kijana ni jibu la binti lililoshushwa nusu. Ukichora grafu zote mbili kwenye karatasi moja utaona wimbi lilelile mara mbili, moja juu ya jingine, umbali kati yao ukiwa ½ kila mahali. Kuna na wa tatu ambaye angeanza na u = cos x; yeye angepata −cos²x, na wimbi lake lingekaa chini ya la binti kwa 1 kamili.

Kwa nini lazima pengo liwe namba isiyobadilika? Chukua majibu yoyote mawili sahihi, toa moja kwa jingine, uite tofauti yao D. Mteremko wa D ni sifuri kila mahali, kwa sababu miteremko ya yale majibu mawili ni sawa na imefutana. Sasa, kama D ingekuwa 3 mahali fulani na 5 mahali pengine, ingebidi ipande njiani, na kupanda ni kuwa na mteremko usio sifuri. Kwa hiyo haiwezi. Wanaotaka jina rasmi, hii ni kazi ya tioremu ya thamani ya wastani. Shikeni neno "njiani", nitalirudia.

Hii inatupa kipimo chepesi sana cha kulinganisha jibu lako na la kitabu bila kuhangaika na fomula za trigonometria. Weka x moja kwenye yote mawili, utoe. Weka x nyingine, utoe tena. Kwa nyuzi 30, sin²x ni ¼ na −½ cos 2x ni −¼, tofauti ½. Kwa nyuzi 45, ni ½ na 0, tofauti ½. Linakaa palepale. Sasa tuseme mtu alisahau ile nusu akaandika −cos 2x. Kwa nyuzi 30 tofauti ni ¼ kutoa −½, yaani ¾. Kwa nyuzi 45 ni ½ kutoa 0, yaani ½. Pengo limesogea, na pengo likisogea kuna kosa mahali.

Ila msichague namba kwa uvivu. Niliwahi kumwona mwanafunzi akipima kwa 0 na nyuzi 180, akatangaza jibu bovu kuwa zuri. Mawimbi haya yote yanajirudia kila baada ya nyuzi 180, kwa hiyo alipima sehemu ileile mara mbili. Nyuzi 20 na nyuzi 50 kwenye kikokotoo zinatosha, na ukiwa na shaka ongeza ya tatu.

Sasa nije kwenye mahali ambapo maksi zinapotea kweli. Swali likisema y ni 3 wakati x ni 0, binti anaandika sin²0 + C = 3, anapata C = 3. Kijana anaandika −½ + C = 3, anapata C = 3½. Nimewaona watu wakinakili C ya jirani kwa sababu "si swali ni moja?" Swali ni moja, lakini C ni ya jibu lako, kama vile huwezi kuchukua saa moja ya Kiswahili ukaiandika 1:00 kwenye tiketi ya ndege. C ya binti na C ya kijana ni namba tofauti, na kwa sababu hiyohiyo mistari yao ya mwisho inakuwa kitu kimoja: sin²x + 3, na −½ cos 2x + 3½, ambayo ukiifungua inarudi kuwa sin²x + 3.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Intigreti kutoka 0 hadi π/4. Binti: sin² ya π/4 ni ½, kutoa 0, jibu ½. Kuna tabia wanafunzi wanaizoea kutoka kwenye maswali ya x² na x³, kwamba kikomo cha chini kikiwa 0 wanakiruka, "si kinaleta sifuri". Kwa binti inapita bila madhara. Kijana akifanya hivyo, anapata −½ cos(π/2), ambayo ni 0, anaweka kalamu chini. Eneo sifuri! Na sin 2x ipo juu ya mstari njia nzima kutoka 0 hadi π/4. Akikitoa kikomo cha chini kama inavyotakiwa, 0 − (−½), anapata ½ sawasawa na mwenzake. Wote wawili wamepima muda wa safari moja, kila mmoja kwa saa yake, na muda hauna haja ya kujua sifuri ilipo. Unachotakiwa ni kusoma saa mara mbili, kuondoka na kufika.

Walipoelewa hapo, nikawavuruga tena. Sikuweza kujizuia.

Intigreti 1/(1 + x²). Jibu la kila kitabu ni arctan x. Lakini ukibadilisha x kuwa 1/t na kuendelea kwa uaminifu, unapata −arctan(1/x), na ukilidifrenshieti linarudi kwenye swali bila kasoro. Sasa pima pengo. Kwa x = 1, arctan x ni π/4 na jingine ni −π/4, tofauti π/2. Kwa x = −1, ni −π/4 na π/4, tofauti −π/2. Pengo limesogea! Na hakuna aliyekosea kudifrenshieti.

Rudini kwenye lile neno "njiani". Hoja yetu ilikuwa kwamba D haiwezi kubadilika bila kupanda njiani. Lakini hapa njia imekatika: −arctan(1/x) haina thamani x ikiwa 0. Upande wa kulia wa sifuri D imetulia kwenye π/2, upande wa kushoto imetulia kwenye −π/2, na katikati kuna shimo ambalo hakuna aliyelivuka kwa miguu. Kila kipande kina C yake. Ndiyo maana, kabla ya kulaumu jibu lako kwa sababu pengo limesogea, angalia kama kati ya namba mbili ulizopimia kuna mahali ambapo moja ya fomula inavunjika.

"Na saa zetu, Ticha?" Kijana wa mlangoni ndiye aliyeuliza, na nilikuwa nasubiri. Nikamwambia asome saa ya mshale ukutani. Ikisema 11 asubuhi, sisi tunasema saa tano, pengo 6. Ikisema 2 mchana, sisi tunasema saa nane, pengo −6. Saa ya ukutani imeruka kutoka 12 kwenda 1 hapo katikati. Yetu imepita kimya kimya, tano, sita, saba, nane.

Basi likiondoka Dar saa tano na kufika Morogoro saa nane, kwa saa yetu limetumia 8 − 5, masaa 3. Kwa ile ya ukutani limetumia 2 − 11, yaani hasi 9, mpaka ukumbuke kuongeza 12 kwa ajili ya ule mruko. Vivyo hivyo, kutoka −1 hadi 1, arctan x inatoa π/2, na −arctan(1/x) inatoa −π/2, eneo hasi chini ya grafu ambayo haijawahi kugusa mstari. Binti wa dirishani akaandika ubaoni, kabla sijasema: ongeza π.