Ujumbe wa kodi haueleweki? Mwandikie mwenye nyumba hivi

Chukua ujumbe huu, umeingia kwenye simu ya mpangaji wa Barani, Malindi, tarehe 29: "Kodi sasa 8500 na maji kuanzia mwezi ujao. Mlipe kabla ya tano. Stima kila mtu yake."

Tatizo kubwa ni hiyo "na maji". Tuseme kodi ya zamani ni shilingi 8,000, maji yakiwa ndani. Ikiwa 8,500 nayo ina maji ndani, nyongeza ni 500. Ikiwa maji ni mbali, na fungu lako la bili likaja 600, umeongezewa 1,100. Mpangaji akilipa 8,500 akanyamaza, ugomvi utaanza siku bili ya maji ikifika.

Stima nayo ina utata wake. Kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya tokeni, "kila mtu yake" haisemi kama mwenye nyumba ataweka mita ndogo kila chumba au mtachanga. Wa friji na wa balbu moja watachanga sawa?

Barua iwe fupi. Nakili maneno yake kama yalivyo, kisha kila swali lipe majibu mawili ya kuchagua, maana ukiuliza tu "una maana gani?" utajibiwa "si nimeshakwambia".

"Assalaam aleikum, Mama. Nimepata ujumbe wako wa tarehe 29 usemao: (maneno yenyewe). Ili nilipe sawasawa, naomba unifafanulie:
1. Hiyo 8,500 ina maji ndani, au maji nitalipa mbali? Kama ni mbali, bili itagawanywa kwa vyumba au kwa idadi ya watu?
2. Mwisho wa kulipa ni tarehe 4 au tarehe 5 yenyewe?
3. Stima: kila chumba kitakuwa na mita yake, au tutachangia tokeni? Tukichanga, kwa hesabu gani?
4. Kodi mpya inaanza tarehe 1 hii inayokuja, au mwezi wa pili yake?
Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 2. Ahsante, Mama. Mpangaji, chumba nambari 3."

Tarehe, jina na sahihi usisahau. Neno "nimekubali" lisiwemo: hapa unauliza tu, kukubali au kupatana bei kuje baada ya jibu. Wala usitie humo lalamiko la paa linalovuja. Atajibu la paa, la kodi lipite.

Tuma kwa WhatsApp palepale ulipopata ujumbe, majibu yakae pamoja, na nakala ya karatasi umpelekee mkononi. Akipiga simu badala ya kuandika, msikilize, kisha mtumie: "Kama tulivyozungumza leo, 8,500 maji yakiwa ndani, mwisho tarehe 5. Nimekuelewa sawa?" Ukishalipa kwa M-Pesa, hifadhi ujumbe wa malipo; unaonyesha kiasi na tarehe, lakini hausemi kama maji yalikuwemo. Hilo litasemwa na jibu lake tu.