Oda ya madawati 120: mabomba mangapi, na yaagizwe lini?

Malalamiko ya karakana zinazokatwa fidia ya ucheleweshaji yanazidi kutufikia, na maelezo ni yaleyale: fundi alikuwepo, umeme ulikuwepo, mabomba yakaisha. Mabomba hayaishi ghafla. Hesabu ya mahitaji ilifanywa kwa makadirio, au ilifanywa sawasawa lakini tarehe zikasahaulika. Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho.

Karakana ina oda ya madawati 120, ya kukabidhiwa mwisho wa wiki ya 8. Dawati moja lina fremu 1, ubao wa mezani, ubao wa kukalia na boliti 12. Fremu moja ina vipande 12 vya bomba la mraba, kila kimoja sentimita 70.

Hesabu inaanzia juu, kwenye dawati lenyewe. Stoo kuna madawati 15 yaliyokamilika, lakini 10 ni ya mteja mwingine aliyekwisha kulipa. Hayo si yako tena, hata kama bado yamekaa kwako. Yaliyo huru ni 5, kwa hiyo yanayotakiwa kuunganishwa ni 115. Hapo ndipo unashuka kwenye fremu: zinahitajika 115, stoo zipo 15, za kuchomelea ni 100. Oda ya kazi ya wachomeleaji iandikwe 100, si 120.

Sasa mabomba. Fremu moja inatumia mita 8.4, na bomba lina mita 6, hivyo wengi hugawanya na kupata mabomba 140. Hesabu hiyo si sahihi, na tumeieleza mara nyingi. Bomba moja linatoa vipande 8 tu vya sentimita 70. Kinachobaki, ukiondoa kinacholiwa na msumeno, ni kama sentimita 37, ambazo hazitoshi kipande kingine. Fremu 100 zina vipande 1,200, na 1,200 kwa 8 ni mabomba 150. Aliyenunua 140 atakwama akiwa na fremu 93 na lundo la vipande visivyotumika.

Katika hayo 150, toa 22 yaliyopo stoo na 40 yaliyokwisha kuagizwa, mradi hayo 40 yatafika kabla uchomeleaji haujaanza. Oda ya ununuzi ni mabomba 88. Aliyeruka hatua ya madawati na fremu zilizopo angeagiza 118, na pesa ya mabomba 30 ingelala stoo.

Boliti hazifuati fremu. Zinatumika wakati wa kuunganisha, na fremu 15 za stoo nazo zitaunganishwa. Kwa hiyo ni 115 mara 12, yaani 1,380. Zinauzwa pakiti za 100, nunua 14, na zile 20 zinazozidi ziingie kwenye kadi ya stoo.

Tarehe zinahesabiwa kurudi nyuma. Kuunganisha ni wiki ya 8. Kuchomelea na kupaka rangi kunachukua wiki 2, hivyo kunaanza wiki ya 6, na mabomba yanayochukua wiki 1 kufika yaagizwe mwanzoni mwa wiki ya 5. Boliti zinaweza kusubiri hadi mwanzoni mwa wiki ya 7. Mbao haziwezi: kuranda ni wiki ya 7, kukausha kwa kupanga na vijiti kivulini wiki 3, kuzipata wiki 1. Oda ya mbao itoke mwanzoni mwa wiki ya 3, ingawa fundi seremala hatazigusa kwa mwezi mzima. Mbao mbichi ikishafungwa boliti hupinda, na mkaguzi ataikataa.

Ikiwa mkataba unasainiwa wiki ya 4, tarehe ya kuagiza mbao imeshapita. Tafuta bei ya mbao zilizokwisha kukauka, au omba tarehe nyingine kabla ya kusaini.

Kuhusu fidia, kiwango kinachotumika ni kilichoandikwa kwenye mkataba wako, na makala hii haichukui nafasi yake. Kwa mfano, dawati likiwa shilingi 90,000, oda ni shilingi 10,800,000. Kiwango kikiwa asilimia 0.2 kwa siku, kila siku ya kuchelewa ni shilingi 21,600. Ombi la kuongezewa muda liwe la maandishi, litaje kifungu cha mkataba, liambatishwe oda ya ununuzi yenye tarehe na barua ya msambazaji, na lipokelewe kwa muhuri kabla ya siku ya makabidhiano. Kupiga simu si kuomba.

Hesabu yote hii inaenea kwenye daftari moja, kompyuta si lazima. Kisichokwepeka ni kuhesabu stoo kwa mkono kabla ya kutoa oda, kwa sababu kadi ikisema mabomba 22 na rafu ina 9, yale 88 hayatatosha, utapungukiwa mabomba 13, na utaligundua hilo wiki ya 7.