Vipele vya Mpox si tetekuwanga

“Mtoto ana homa na vipele, si tetekuwanga tu hiyo?” aliuliza mama mmoja wa Ngamiani, Tanga.

Huenda. Lakini mtazame shingoni na kwenye kinena: Mpox mara nyingi huvimbisha mitoki. Tetekuwanga hujaa kiwiliwili, vipele vibichi na vikavu pamoja, viganjani ni nadra. Vya Mpox hufika viganjani na nyayoni, ni vigumu, vina kishimo katikati. Vikifanana, kipimo cha majimaji ya kipele ndicho huamua.

Akithibitika, alale peke yake, shuka na taulo asichangie, hadi vigaga vyote vidondoke na ngozi mpya iote, kwa kawaida wiki 2 hadi 4. Waliomgusa wafuatiliwe siku 21.