Ukungu wa glasi: wa chokaa hutoka, wa kuliwa hautoki

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kuoshea vyombo. Juzi dada mmoja aliniletea glasi mbili, moja ya kawaida na nyingine ya kristali yenye mguu mrefu. Zote zilikuwa na ukungu mweupe, naye alitaka kujua kama mashine imeharibika.

Nilimimina siki nyeupe kwenye bakuli, nikazilaza glasi humo upande mmoja tu, zikakaa dakika kumi. Kisha nikazisuuza. Zikiwa zimelowa, zote mbili ziling'aa, na dada akafurahi. Nikamwomba asubiri zikauke kabisa, kwa sababu maji hujaza vishimo vidogo vya kioo na kuvificha. Zilipokauka, ile ya kawaida ilikuwa nyeupe upande mmoja na angavu upande wa pili: huo ulikuwa utando wa chokaa kutoka kwenye maji magumu, na asidi ya siki huuyeyusha. Ya kristali ilirudi na ukungu wake uleule. Nilipoielekeza dirishani niliona rangi za upinde wa mvua karibu na ukingo. Hiyo imeliwa.

Kuliwa maana yake sabuni kali ya mashine, ambayo ni alkali, ikisaidiwa na maji ya moto, imeyeyusha sehemu ya uso wa kioo chenyewe. Hakuna kilichogandia juu ili ukitoe. Kilichokuwepo ndicho kimeondoka. Rangi za upinde huja mwanzo, weupe hufuata, na kila mzunguko huongeza.

Watu wengi hushangaa nikiwaambia kwamba maji laini ndiyo hula zaidi. Kalsiamu na magnesi katika maji magumu huchukua sehemu ya nguvu za sabuni, na mabaki ya chakula huchukua nyingine. Vyombo vikiingia vimeshasuuzwa hadi kung'aa, maji yakiwa laini na sabuni ikijazwa pomoni, nguvu yote huelekea kwenye kioo. Kwa hiyo, kama glasi zako zinaliwa, usiongeze sabuni. Ipunguze, chagua mzunguko wa joto la chini, na kama mashine ina kilainisha maji, kirekebishe kulingana na maji yako badala ya kukiacha kwenye kiwango cha juu.

Kristali yenye risasi mimi siiweki mashineni kabisa, kwa kuwa ni laini kuliko kioo cha kawaida. Siki nayo iguse muda mfupi tu, wala isikaribie ukingo wa dhahabu. Tandika taulo ndani ya beseni, tumia maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya maji, uoshe moja moja. Wakati wa kukausha, shika kikombe chenyewe. Ukishika kitako huku ukizungusha kitambaa juu, mguu hukatikia mkononi.

Dada aliondoka na kipimo kipya: nusu ya sabuni aliyokuwa akitia.