Ripoti ya ajali kwa meneja: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Wengi kazini wanadhani ripoti ya ajali ni barua ya kuomba msamaha. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka mkanda wa mota uliponibana kidole pale Kisenyi, Kampala, kwenye kinu cha mahindi ninachofanyia kazi. Jioni nikaandika: "Bosi naomba radhi, sikuwa makini, mkanda ukaninasa." Basi. Forman akanirudishia, akasema kijana, wewe andika ulichofanya kwanza na kilichofuata, kosa litatafutwa baadaye.

Ya pili ikawa hivi:

"Saa tatu na nusu asubuhi hivi, tukiwa tunasaga, umeme ulikatika. Mota ikasimama. Sikuzima swichi, na sikuona mtu mwingine akizima. Niliona mkanda umetoka kwenye puli ya mota. Nikafungua kava, nikaushika kwa mkono wa kulia niurudishe. Umeme ukarudi, mota ikazunguka, kidole cha shahada kikabanwa kati ya mkanda na puli. Nikapiga kelele. Mwenzangu aliyekuwa mlangoni akazima swichi kubwa ya ukutani. Nikafungwa kitambaa, nikapelekwa kliniki na boda."

(Kwenye ripoti yenyewe jina la mwenzangu niliweka, maana yeye ndo shahidi.)

Sasa hapo kwenye "sikuzima swichi" jamaa wakaniambia futa haraka, ukikubali kosa hulipwi. Si kweli. Sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanyakazi inasema fidia inalipwa hata kama uzembe ulikuwa wa mfanyakazi mwenyewe. Cha kuchunga ni muda, mwajiri apewe taarifa ndani ya mwezi mmoja tangu ajali, usikae nayo.

Na hiyo sentensi ndo iliyofanya kazi. Meneja aliposoma kwamba umeme ulikatika, halafu kava likafunguliwa, halafu umeme ukarudi, akaenda kuangalia swichi ya mota. Kumbe ni ile ya mkono tu, ukiiwasha inabaki imewashwa hata umeme ukipotea, kwa hiyo ukirudi mota inaanza yenyewe bila mtu kugusa kitu. Stata yenye kontakta haifanyi hivyo, umeme ukikatika inaachia, na mota haiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe tena. Kwa ile barua yangu ya msamaha angejuaje?

Kuna wanaodhani lazima uandike chanzo, "swichi ilikuwa mbovu." Mimi ningeandika hivyo ningedanganya, maana swichi ilikuwa nzima kabisa, ilifanya kama ilivyotengenezwa. Fundi ndo aseme. Na umeme ulikaa umekatika dakika ngapi? Sikutazama saa, mwenzangu ndo alisema kama tano, kwa hiyo nikaandika "mwenzangu aliniambia kama dakika tano" nikaacha hapo.