Je, wajua kwa nini yai la safura hutoweka kwenye slaidi?

"Jamani watu wa maabara, asubuhi mmesema mtoto ana mayai ya minyoo ya safura. Mchana mwenzenu kaangalia kioo kile kile, kasema hayapo. Sasa tumwamini nani?" Aliuliza mwalimu wa shule ya msingi kandokando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma, akiwa ameshika orodha ya majina ya wanafunzi wake.

Waamini wote wawili, mwalimu. Dawa inayotusaidia kuyaona mayai hayo ndiyo hiyo hiyo inayoyafuta, na ilipofika mchana ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Njia tuliyotumia pale shuleni inaitwa Kato-Katz. Kato ni Mjapani aliyeieleza pamoja na mwenzake Miura mwaka 1954, na Katz ni Mbrazili ambaye yeye na wenzake, mwaka 1972, waliifanya iwe ya kuhesabia mayai ya kichocho cha tumbo. Vifaa vyake vinaenea kwenye mfuko wa rambo. Unatandika gazeti mezani, unaweka kinyesi kidogo juu yake, unakifunika kwa kipande cha wavu mwembamba wa nailoni, kisha unagandamiza na kukwangua juu ya wavu kwa kijiko bapa cha plastiki. Nyuzi za mboga, maganda ya maharage na mchanga hubaki chini, na kinachopenya ni uji laini wenye mayai.

Hapo ndipo kinapoingia kiolezo, kibao kidogo cha plastiki chenye tundu katikati. Unakilaza juu ya slaidi, unajaza tundu kwa ule uji mpaka ukingoni, unasawazisha, halafu unakiinua taratibu. Kinabaki kidonge kidogo mfano wa chapati ya mchezo wa watoto. Tundu la kawaida lina upana wa milimita 6 na kina cha milimita 1.5, na linabeba miligramu 41.7 za kinyesi. Ukilijaza mara 24 umepata gramu moja. Kwa hiyo mayai uliyoyahesabu kwenye slaidi nzima unayazidisha kwa 24, na jibu ni idadi ya mayai kwa kila gramu. Hakuna mizani wala umeme hapo. Ila vipo violezo vya matundu mengine, na mtu akiokota kiolezo cha miligramu 50 halafu akaendelea kuzidisha kwa 24 badala ya 20, hesabu yake yote imeharibika bila mwenyewe kujua. Tundu lisilojaa vizuri nalo huharibu vivyo hivyo. Na mtoto mwenye kuhara tunamwacha, maana kinyesi cha majimaji hakikai ndani ya tundu.

Kidonge hicho ni kinene, mwanga wa darubini haupiti. Ndiyo maana kinafunikwa kwa kipande cha selofeni kilicholala siku nzima au zaidi ndani ya gliserini iliyochanganywa na maji na rangi kidogo ya kijani. Unageuza slaidi kichwa chini, unaigandamiza juu ya sehemu ngumu, kidonge kinatanuka na kuwa duara jembamba. Kisha unasubiri. Gliserini inapenya taratibu, na kinyesi kilichokuwa cheusi kinaanza kung'aa kama karatasi iliyodondokewa mafuta ya taa. Ukiiweka slaidi juu ya gazeti ukaweza kusoma herufi zilizo chini yake, imeiva.

Lakini gliserini haichagui. Inang'arisha takataka, na inang'arisha mayai pia. Yai la askaris, yule mnyoo mkubwa wa mviringo, limevaa koti nene la kahawia lenye vinundunundu, hivyo gliserini hailiwezi, na slaidi yake unaweza kuisoma hata baada ya wiki kadhaa. Yai la mnyoo mjeledi nalo lina ganda nene na vizibo viwili, kimoja kila ncha, kama pipa. Yai la safura halina ulinzi wa namna hiyo. Ganda lake ni utando mwembamba usio na rangi, na ndani mna chembe chache tu, mara nyingi nne hadi nane, zikiwa na nafasi angavu kati yake na ganda. Kwa nusu saa ya kwanza unaliona vizuri sana, mviringo wa yai la kuku uliochorwa kwa penseli. Baadaye chembe zinafifia, ganda linanywea, mstari wa penseli unakatikakatika. Likishalowa gliserini, mwanga unapita ndani yake sawasawa na unavyopita pembeni yake, na jicho halina tena cha kushika.

Kwa hiyo slaidi ya safura husomwa kati ya dakika 30 na 60 tangu ifunikwe, na kwenye joto letu la mwambao wa ziwa mimi napenda kuanza mapema kidogo.

Tuchukue mfano. Slaidi imefunikwa saa 3:00 asubuhi. Saa 3:30 msomaji anahesabu mayai 96 ya safura. Mara 24 ni 2,304 kwa gramu, nayo ni maambukizi ya wastani, kwa sababu ngazi hiyo huanzia 2,000 na kuishia 3,999. Slaidi hiyo ingechelewa hadi saa 4:30, tuseme yamebaki 31 yanayoonekana. Hiyo ni 744, yaani maambukizi hafifu. Saa 7:00 mchana ni sifuri. Mimi naiogopa ile 744 kuliko sifuri, maana sifuri ya safura katikati ya askaris wengi humshtua msomaji mzoefu, lakini 744 inapita kimya kimya.

Niliwahi kukaripiwa kwa jambo hili. Msimamizi wa mradi mmoja alichukua sehemu ya slaidi zangu akazisoma upya kesho yake, kwa nia njema ya kukagua ubora. Askaris zilikubaliana, safura hakupata hata moja, akaandika kwamba nahesabu mapovu ya hewa. Ukaguzi wa safura lazima ufanyike papo hapo, wasomaji wawili wakipokezana slaidi moja kabla saa haijaisha.

Ndiyo maana hatutengenezi slaidi 50 kwa mkupuo. Slaidi moja inaweza kula dakika tano hadi kumi, hivyo msomaji mmoja anaandaliwa chache, anazisoma, ndipo nyingine zinafunikwa. Safura inahesabiwa kwanza. Askaris, mijeledi na kichocho tunavirudia mchana kwa utulivu.

Kuna na saa ya pili inayokwenda kabla hata ya slaidi. Kinyesi kikikaa kwenye kopo, yai la safura haliko usingizini, linaendelea kukua, na kwenye joto linaweza kuangua kiluwiluwi ndani ya siku moja au mbili. Mengine yanaharibika tu. Kopo lililotoka kijiji cha ziwani asubuhi, likasubiri boti, likashushwa Kibirizi jua likiwa utosini, limeshapoteza mayai kabla ya kufika maabara. Boksi la barafu linapunguza mwendo huo, mradi kinyesi kisigande. Ila rahisi zaidi ni kupandisha darubini kwenye boti na kusomea kijijini, kama tulivyofanya kwa mwalimu huyu.

Nilimfungulia daftari letu akaona safu mbili za saa, ya kufunika na ya kusoma. Jina la mwanafunzi wake lilikuwa na 2:40 na 3:15. Mwenzangu wa mchana aliandika 7:05, na pembeni akaongeza kwa kalamu nyekundu: safura isisomwe.