Je, wajua? Udongo nao hushiba

Tuna mashamba mawili kando ya kijito kimoja huku Wakiso, Uganda. Maabara imetupa fosforasi ileile kwa yote mawili: miligramu 93 kwa kila kilo ya udongo. Mbona la mlimani tunaambiwa ni salama, na la bondeni tunaambiwa linachafua maji?

Kwa sababu namba hiyo inaeleza udongo umekula kiasi gani, haielezi tumbo lake lina ukubwa gani. Sahani moja ya matooke humshibisha mtoto, na mtu mzima akabaki na njaa. Kinachoamua kama fosforasi itabaki shambani au itafuata maji ya mvua ni kiwango cha kushiba kwa udongo, yaani fosforasi iliyomo ikilinganishwa na uwezo wa udongo huo kuishika.

Uwezo huo, katika udongo usio na chokaa nyingi, unatokana hasa na alumini na chuma. Oksidi za madini haya zimefunika chembe za udongo, na fosfeti, yaani fosforasi katika umbo lake la udongoni, hujibandika juu yake. Zile za kwanza hupata mahali pazuri na kushikwa kwa nguvu. Nafasi zikizidi kujaa, zinazofuata hushikwa kilegevu, na maji yakipita huondoka nazo. Ndiyo maana upotevu haupandi polepole kadiri mkulima anavyoongeza samadi. Hukaa chini msimu baada ya msimu, kisha udongo unapofika mahali fulani hupanda kwa kasi. Mkulima haoni dalili yoyote, kwa kuwa mimea bado inastawi vizuri, pengine kuliko zamani.

Sasa tazama vilima vya Buganda. Mteremkoni kuna udongo mwekundu, ule unaoitwa limyufumyufu kwa Kiganda, wenye mfinyanzi na chuma tele. Ukishuka karibu na kijito rangi hugeuka kijivu, na mara nyingi unakuta mchanga: maji yamekwisha kuosha mfinyanzi na chuma kwa muda mrefu sana. Tumbo la mchanga huo ni dogo. Na ni huko bondeni, penye unyevu hata wakati wa kiangazi, ambako watu hulima nakati, dodo na sukuma wiki, wakarundika samadi ya kuku kila msimu.

Kwa hiyo maabara inayotumia kimiminika cha Mehlich 3 kutoa madini kwenye udongo iombwe itoe namba tatu kutoka sampuli moja: fosforasi, alumini na chuma. Alumini mara nyingi huachwa kwenye ripoti ya mkulima kwa kuwa si chakula cha mmea, ingawa mashine inayosoma madini mengi kwa pamoja inaweza kuisoma katika kimiminika kilekile. Iombwe mapema, kabla sampuli hazijatupwa. Namba zote tatu ziwe katika miligramu kwa kilo, kisha utafute uwiano wa kushiba, PSR:

```
PSR = (P/31) / (Al/27 + Fe/56)
```

Zile 31, 27 na 56 ni uzito wa moli wa kila elementi. Kuzigawa namba za maabara kwa uzito huo kunatupa milimoli, na hapo tu ndipo tunaweza kulinganisha idadi ya fosfeti na idadi ya nafasi. Kosa la mara kwa mara ni kulinganisha miligramu moja kwa moja. Chuma ni kizito, kwa hiyo penye chuma kingi kuliko alumini uwiano wa miligramu hutoka karibu nusu ya ule wa kweli, na udongo ulioshiba huonekana kama bado una njaa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Shamba la mlimani lina alumini 1,080 na chuma 168. La bondeni lina alumini 270 na chuma 112. Yote mawili yana fosforasi 93, ambayo ni milimoli 3. Mlimani alumini inatoa milimoli 40 na chuma 3, jumla 43, na 3 ukigawa kwa 43 unapata 0.07. Bondeni ni 10 na 2, jumla 12, na uwiano ni 0.25. Fosforasi ni ileile, lakini udongo wa bondeni umeshiba zaidi ya mara tatu na nusu.

Mpaka wa hatari uko wapi? Kwa Mehlich 3, kazi iliyofanywa Delaware na Florida kule Marekani inauweka kati ya 0.10 na 0.15, na Florida hutumia 0.10 kwa udongo wao wa kichanga. Uholanzi, ambako samadi ya nguruwe na ng'ombe ilizidi mno kwenye mashamba ya mchanga, walichukua njia nyingine. Udongo huoshwa kwa amoni oksaleti yenye pH 3, gizani, kwa takriban saa 2. Giza ni la lazima: mwanga ukiingia, oksaleti huanza kuyeyusha hata chuma kigumu ambacho haikupaswa kukigusa. Kisha fosforasi hugawanywa kwa nusu ya jumla ya alumini na chuma, na jibu huandikwa kwa asilimia. Mpaka wao ni asilimia 25, uliowekwa ili maji yanayofika chini yasizidi miligramu 0.1 ya fosforasi kwa lita. Asilimia 25 hiyo si uwiano wa 0.25. Kwa sababu ya ile nusu, ni 0.125, tena kwa oksaleti, wala si kwa Mehlich 3. Anayesoma 0.25 ya shamba letu la bondeni akadhani imegusa mpaka tu amekosea: imeupita mara mbili.

Mipaka hii ilipatikana kwenye udongo wa huko, si wa Wakiso. Njia ya kuihakikisha kwenye bonde lako si ghali. Kusanya sampuli 20 hivi zinazoanzia shamba lisilowahi kutiwa samadi hadi bustani iliyo nyuma ya banda la kuku. Pima uwiano wa kila moja, halafu tikisa sehemu 1 ya udongo huo katika sehemu 10 za maji yenye kloridi ya kalsiamu ya 0.01 M, chuja, na pima fosforasi iliyotoka. Chora namba hizo mbili kwenye grafu. Mahali mstari unapoacha kulala na kuanza kupanda ndipo udongo wako unaposema umeshiba.

Ukishaujua mpaka, hapa tuseme 0.10, hesabu ileile inakuambia nafasi iliyobaki kwa miligramu:

```
Nafasi = (0.10 - PSR) x (Al/27 + Fe/56) x 31
```

Mlimani jibu ni karibu 40 kwa kilo. Ekari moja yenye kina cha sentimeta 20 ina udongo wa tani 1,050 hivi, kwa hiyo ingeweza kupokea takriban kilo 42 za fosforasi kabla ya kufika mpakani. Samadi kavu ya kuku yenye fosforasi asilimia 1.5 ina kilo 15 kwa tani, yaani hapo pana nafasi ya chini kidogo ya tani 3. (Kama kiwango kimeandikwa kwa P2O5, kama ilivyo kwenye mifuko ya mbolea, zidisha kwa 0.44 kwanza.) Bondeni jibu ni hasi 56, ambayo ni ziada ya kilo 59 kwa ekari. Huko samadi ikome kabisa. Mboga zikihitaji nitrojeni zipewe yurea, maana kuleta samadi kwa ajili ya nitrojeni ni kuleta fosforasi pia.

Kuitoa ziada hiyo ni kazi ya miaka. Tani 1 ya punje za mahindi huondoka na kilo 3 hivi za fosforasi. Ukivuna tani 1 kwa ekari katika kila msimu kati ya misimu miwili ya mwaka, ni kilo 6, yaani miaka 10. Nepia inayokatwa mara kwa mara, yenye tani 6 kavu kwa mwaka na fosforasi asilimia 0.25, huondoa kilo 15, na ziada ingeisha kwa miaka 4. Muda huo ndio mfupi kabisa, kwa sababu fosforasi ambayo Mehlich 3 haikuifikia hujaza pengo kidogo kidogo. Na ng'ombe wanaolishwa nepia hiyo, samadi yao ipelekwe mlimani. Ikirudi bondeni umezunguka bure.

Lakini namba nzuri inaweza kutoka kwenye sampuli mbaya. Maji yanayotiririka juu ya ardhi hugusana na sentimeta chache tu za juu. Kwenye migomba, ambako samadi huachwa juu bila kulimwa, tabaka la sentimeta 0 hadi 5 linaweza kuwa limeshiba wakati lile la chini lina njaa, na ukichanganya sentimeta 20 unapata wastani unaokudanganya. Chukua vina viwili, kila kimoja kwenye mfuko wake. Usichukue pia mara baada ya kumwaga samadi: mvua inayonyesha juu ya samadi mbichi huosha fosforasi ya samadi yenyewe, na hapo kushiba kwa udongo hakuelezi chochote.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya ardhi inayotuama maji, karibu na mafunjo. Udongo ukikosa hewa, chuma hubadilika, huyeyuka, na kuiachilia fosfeti iliyokuwa imeshikwa. Sampuli iliyokaushwa maabara itaonyesha chuma kingi na uwiano mdogo, ilhali mvua za Machi hadi Mei zikijaza bonde mlango unafunguka. Alumini haina tabia hiyo. Kwa mashamba kama hayo piga hesabu mara ya pili ukitumia alumini peke yake, na uamini jibu baya kati ya mawili.

Na shamba la mlimani, pamoja na 0.07 yake, haliko huru. Kipimo hiki huhukumu fosforasi iliyoyeyuka. Mteremko usio na makinga maji ukipoteza udongo mwekundu, fosforasi huenda ikiwa imeshikiliwa na udongo wenyewe, na kijito hugeuka rangi ya matofali. Huko ukanda wa nyasi husaidia sana, kwa kuwa hunasa tope. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu na kingo za mito zinataka mita 30 zisizolimwa hata kando ya mito midogo. Bondeni nyasi hizohizo hunasa kidogo tu, maana kinachopita si tope. Ni maji yanayoonekana safi kabisa, na miligramu zake hazionekani mpaka zifike ziwani na kulisha mwani na magugu maji.